Probox imepanda asubuhi, jioni imegoma: kuvuta mbele, kusukuma nyuma na fowili

Masika yakianza, ubishi hurudi vijiweni na kwenye makundi ya simu: gari gani linapanda mlima wa udongo mwekundu, na lipi linabaki chini likirusha tope? Mmoja atasema Probox haina lolote mvuani. Mwingine ataapa kwamba ameifikisha hadi mlangoni kwa mkulima wa viazi, huko vijiji vya juu ya Lushoto. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Gari tupu linapanda asubuhi, na jioni likiwa na magunia linagoma kwenye mlima uleule, na hata ukilipeleka kwa fundi hakuti kitu kibovu. Injini ni ileile na matairi ni yaleyale. Kilichobadilika ni mahali uzito ulipokaa.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo watu wengi wanapochanganyana. Injini huzungusha matairi, lakini si lazima yote. Gari la kuvuta mbele ni lile ambalo nguvu ya injini inafika matairi mawili ya mbele tu, na ya nyuma yanafuata kama ya mkokoteni. IST, Vitz na Probox nyingi ziko hivyo. Gari la kusukuma nyuma lina propela shafti inayopita chini ya sakafu kupeleka nguvu kwenye difu ya nyuma. Hapo utakuta Hiace, Mark X, Crown na karibu malori yote. Kisha kuna fowili, neno ambalo mtaani hubeba kila gari ambalo nguvu inafika matairi yote manne, ingawa ndani yake kuna koo mbili zisizofanana kabisa. Kwenye matangazo ya magari ya Japani utaona herufi FF, maana yake injini iko mbele na inavuta mbele. FR ni injini mbele, kusukuma nyuma. 4WD ni yote manne.

Magari madogo hayakuhamia mbele kwa sababu ya tope. Mwaka 1959 Alec Issigonis alipobuni Mini, aliilaza injini kwa upana wa gari na kuifunga pamoja na giaboksi na difu, vyote mbele. Propela haikuhitajika tena, na ndani ya kigari kile kifupi wakakaa watu wanne. Watengenezaji wengine waliifuata njia hiyo kwa namna zao, na Corolla ya saluni ikahamia mbele mwaka 1983. Sababu kubwa ilikuwa nafasi na gharama. Faida ya utelezini ilikuja yenyewe, kwa kuwa mzigo mzito kuliko yote ndani ya gari tupu, yaani injini na giaboksi, sasa ulikuwa umekaa juu ya matairi yanayofanya kazi.

Faida hiyo ndiyo mshiko. Tairi haliwezi kulisukuma gari kupita kiasi ambacho ardhi inaweza kulishikilia. Kiasi hicho kinategemea mambo mawili: aina ya ardhi na uzito unaolikandamiza tairi. Kwenye lami kavu, tairi zuri linaweza kusukuma kwa nguvu ya takriban sehemu nane za kumi za uzito lililobeba. Kwenye udongo wa mfinyanzi ulioloa huweza kushuka hadi tatu za kumi, au chini ya hapo. Tairi lililobebeshwa kilo 300 juu ya udongo huo lina nguvu ya kusukuma ya kilo 90 tu. Ukikanyaga mafuta zaidi ya hapo linazunguka bure na kung'arisha tope chini yake, na ukubwa wa injini hauongezi kitu.

Sasa tupande mlima kwa hesabu. Tuchukue kigari cha mizigo cha kilo 1,200 pamoja na dereva, kinachovuta mbele. Namba nilizochagua ni za kawaida kwa magari ya aina hiyo, na lako litatofautiana kidogo. Kwenye tambarare, kilo 720 ziko matairi ya mbele na 480 nyuma. Mlima unapanda mita 15 kwa kila mita 100, na udongo umeloa, mshiko ni tatu za kumi.

Mlima unafanya mambo mawili kwa pamoja. Kwanza unalivuta gari lirudi chini, kwa nguvu ya takriban kilo 178. Pili unahamisha uzito. Kitovu cha uzito wa gari kiko zaidi ya nusu mita juu ya ardhi, kwa hiyo gari likiinua pua, uzito unaegemea nyuma. Kwa mlima huu zinahama karibu kilo 40, na kwa kuwa ardhi imeinama, kila ekseli inakandamiza kwa kilo chache pungufu. Matairi ya mbele yanabaki na kama kilo 675, ambazo kwa mshiko wetu ni nguvu ya kilo 202. Zilihitajika 178. Gari linapanda, na ziada ya kilo 24 inatumika kupasua tope. Ziada hiyo ni ndogo. Ndiyo maana dereva mzoefu hasimami katikati ya mlima hata akipungiwa mkono na baba mkwe.

Gari hilohilo, likiwa tupu, lingekuwa la kusukuma nyuma lingekwama. Nyuma kuna kilo 513 tu, yaani nguvu ya kilo 154, na mlima unadai 178. Fowili ingekuwa na zaidi ya 350, mara mbili ya inayohitajika.

Jioni sasa. Tumepakia magunia manane ya kilo 50, jumla kilo 400, na yamekaa karibu juu kabisa ya ekseli ya nyuma. Gari lina kilo 1,600 na mlima unadai nguvu ya kilo 237. Je, matairi ya mbele yamepata nini katika mzigo huo? Hayajapata kitu. Kwenye tambarare yana zile 720 za asubuhi, na mlimani yanapoteza 60 kwa sababu gari limekuwa zito na mzigo umepanda juu. Yanabaki na takriban 650, yaani nguvu ya kilo 195. Dai ni 237. Hapo ndipo matairi yanapoanza kupiga kelele na kondakta kutafuta mawe ya kuweka nyuma ya tairi. Ukiweka magunia nyuma zaidi ya ekseli mambo yanazidi kuwa mabaya, kwa sababu mkia mzito huinua pua. Ukiyaweka kwenye keria ya juu, kitovu cha uzito kinapanda na mlima unahamisha kilo nyingi zaidi kwenda nyuma.

Lakini angalia upande wa pili. Kama gari hilo lenye magunia lingekuwa la kusukuma nyuma, ekseli ya nyuma ingebeba kama kilo 930 na kutoa nguvu ya 279. Lingepanda. Gari lililoshindwa asubuhi likiwa tupu linaweza jioni likiwa na mzigo, na la kuvuta mbele ni kinyume chake. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema aina fulani inapanda mlima kuliko nyingine, muulize kwanza: ikiwa na nini ndani?

Kuna dawa ya zamani ambayo vijana huicheka hadi waione ikifanya kazi: shuka hadi chini, geuza gari, upande kwa kurudi nyuma. Ukipanda kwa rivasi, matairi ya mbele ndiyo yako upande wa chini wa mlima, na uzito unaohama unakuja kwao badala ya kuwakimbia. Katika hesabu yetu yanapata kilo 772, nguvu ya 232, dhidi ya dai la 237. Karibu, ila bado. Shusha magunia manne uyafuate safari ya pili. Dai linashuka hadi 208 na nguvu ya rivasi inabaki 228, ziada ya kilo 20, karibu na ile ya asubuhi. Kwa kwenda mbele, hata na magunia hayo manne tu, ungeishia kama kilo 200 na ungekwama. Mtu mmoja akusimamie nje akuelekeze, kwa sababu gari linalorudi nyuma hugeuka kwa haraka usiyoizoea, na mitaro ya milimani haina msamaha.

Hiace inafundisha somo hilohilo kutoka upande mwingine. Injini iko chini ya viti vya mbele, inasukuma nyuma, na ikiwa tupu mkia wake ni mwepesi. Imejaa abiria, uzito uko juu ya matairi yanayosukuma, na inapita mahali ambapo tupu ingeserereka. Inapokwama, kondakta huwashusha wote. Wakishuka wakasukuma, sawa. Wakishuka wakasimama pembeni kupiga picha, wameondoa uzito pale ulipokuwa unahitajika.

Kwenye kona mambo yanabadilika, kwa sababu tairi sasa lina kazi mbili. Mshiko wake ni kama elfu kumi uliyonayo mfukoni: ukitumia elfu nane kwa kuongeza mwendo, iliyobaki ndiyo ya kukata kona. Hakuna mkopo.

Gari la kuvuta mbele linayatwisha matairi ya mbele matumizi yote, kuvuta na kugeuza. Ukiingia kona iliyoloa kwa kasi na bado umekanyaga mafuta, pua inagoma. Umekata usukani lakini gari linaendelea kwenda moja kwa moja kuelekea ukingoni, na usukani unakuwa mwepesi mkononi. Kosa la kawaida ni kukata zaidi. Inayosaidia ni kupunguza mafuta, kurudisha usukani kidogo na kuyapa matairi nafasi yashike tena. Ni kuteleza kunakotabirika, na kwa dereva wa kawaida ndiyo heri, kwa sababu woga wa asili unamfanya aachie mafuta, na kuachia mafuta ndiyo tiba yenyewe.

Gari la kusukuma nyuma linagawa kazi. Mbele yanageuza, nyuma yanasukuma. Usukani hautingishwi na nguvu ya injini, na unapoondoka kwa kasi uzito unaegemea nyuma, palepale penye kazi. Ndiyo maana wapenda mwendo hulisifu. Tatizo linakuja ukizidisha mafuta kwenye kona yenye maji: mkia unachomoka na gari linataka kutangulia na tako. Hapa woga wa asili ni adui. Ukiachia mafuta ghafla au kupiga breki, uzito unarukia mbele, nyuma kunakuwa kwepesi zaidi, na mkia unaendelea kuzunguka. Mafuta yapunguzwe taratibu, usukani uelekezwe kule mkia unakokimbilia, na macho yatazame unakotaka kwenda, si nguzo unayoiogopa.

Wapo wanaoamini kwamba gari la kuvuta mbele haliwezi kuchomoa mkia. Linaweza sana. Likiwa tupu, nyuma ni jepesi siku zote. Ingia kona kwa kasi, shtuka, piga breki, na kile kidogo kilichokuwa nyuma kinahamia mbele. Hatari huongezeka kwa tabia yetu ya kununua matairi mawili mapya na kuyafunga mbele, eti ndiyo yanayovuta, na kuacha vipara nyuma. Mbele kunashika, nyuma kunaelea juu ya maji, na gari linazunguka bila dereva kuelewa limeanzaje. Kama umepata hela ya matairi mawili tu, mazuri yafungwe nyuma, hata kwenye IST.

Fowili inagawa kazi ya kusukuma kwa matairi manne, kila moja linatumia kidogo na kubaki na zaidi kwa ajili ya kona. Hapo sifa zake ni za kweli. Uongo unaanzia kwenye breki. Kila gari, hata Vitz, hufunga breki kwa matairi manne. Fowili haina tairi la tano la kusimamia, na kwa kawaida ni nzito zaidi kwa sababu ya propela, difu na shafti za ziada. Mtego wake ni kwamba inaondoka kwenye utelezi kwa urahisi mno hadi dereva hajui kama barabara inateleza, na anakuja kujua kwenye mteremko, akiwa na kasi.

Historia ya Safari Rally inasema jambo hapa. Audi Quattro ya magurudumu manne ilitoka mwaka 1980 na ikabadilisha mashindano ya Ulaya. Kwa Safari ya Kenya haikuwa rahisi hivyo. Mwaka 1983 Ari Vatanen alishinda na Opel Ascona 400, na miaka mitatu iliyofuata, 1984 hadi 1986, ushindi ulikwenda kwa Toyota Celica, na zote hizo ni magari ya kusukuma nyuma. Fowili ilishinda kwa mara ya kwanza 1987, Hannu Mikkola akiwa na Audi 200. Naona sababu haijifichi. Safari ya wakati ule ilikuwa maelfu ya kilomita za mawe, vumbi na mashimo, na mshiko wa ziada hauna thamani kwa gari lililovunjika njiani.

Nimesema fowili zina koo mbili. Ya kwanza ni ile ya mkono au swichi, kama Land Cruiser za kazi na Hilux nyingi. Siku za kawaida inasukuma nyuma, na ukiiingiza, propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa zizunguke kwa idadi moja. Kwenye tope hakuna neno. Kwenye lami kavu ni shida, kwa sababu gari likikata kona matairi ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma na yanahitaji kuzunguka zaidi. Yakizuiwa, usukani unakuwa mzito, gari linajikaza kama limeshikwa breki, matairi yanalia, na kinachovunjika mwisho ni gia au shafti. Ukisikia hivyo, toa fowili.

Ukoo wa pili ni wa kama Subaru Forester, ambao kati ya mbele na nyuma una difu au klachi inayoruhusu tofauti hiyo, kwa hiyo inafanya kazi siku zote bila dereva kugusa kitu. Gari dogo la Kijapani lililoandikwa 4WD mara nyingi ni binamu wa ukoo huu: linavuta mbele, na klachi yake inapeleka nguvu nyuma pale tu mbele kunapoanza kuteleza. Linasaidia sana kwenye barabara ya kijiji iliyoloa. Ila ukilikalisha kwenye tope zito ukakanyaga mafuta mfululizo, klachi inachemka na nyuma kunaacha kusukuma.

Kisha kuna difu yenyewe. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa tairi la kushoto na la kulia, maana yake lenye mshiko halipati zaidi ya lile linaloteleza. Tairi moja likining'inia shimoni linazunguka bure, na mwenzake aliye juu ya ardhi ngumu anatulia tuli. Fowili isiyo na loku ya difu inaweza kukwama kwa matairi mawili tu, moja la mbele na moja la nyuma. Kwenye gari la kusukuma nyuma kuna ujanja: vuta handibreki nusu huku ukiongeza mafuta taratibu. Tairi linalozunguka bure linapata ukinzani, na nguvu inafika kwa mwenzake. Kwa gari la kuvuta mbele ujanja huo haufai kitu, kwa kuwa handibreki iko nyuma.

Unapokwenda kununua, usiamini jina. Noah za miaka ya 1990 zenye injini chini ya viti vya mbele zinasukuma nyuma, na zile zilizotoka 2001 zinavuta mbele. RAV4 na X-Trail zipo zinazovuta mbele tu, zikiwa na umbo lilelile la kibabe. Inama utazame chini, nyuma. Ukiona difu na propela inayoifuata, kisha mbele ukaona shafti zinazoingia kwenye matairi, hiyo ni fowili. Difu nyuma bila shafti mbele ni ya kusukuma. Ukikuta nyuma kuna ekseli tupu, muuzaji anakuuzia stika.

Na kama ni fowili ya kudumu, chukua futi ya fundi cherehani upime mzingo wa kila tairi. Subaru inataka tofauti isizidi robo inchi, kama milimita 6. Tairi moja jipya kati ya vipara vitatu linazifanya difu na klachi zile za kati zifanye kazi mfululizo hata kwenye lami iliyonyooka, na zikichoka, bei yake inaweza kupita ya matairi manne.